Soketi imeungua: jinsi ya kusoma alama na kujua joto lilianzia wapi

Soketi ikionekana na doa la kahawia, wengi husema papo hapo kwamba ilizidiwa mzigo. Mara nyingi si hivyo. Soketi inaweza kuungua hadi plastiki ikachuruzika huku ikipitisha umeme ule ule wa kila siku, bila fyuzi kukatika wala breka kushuka. Ukikubali jibu la haraka, utabadilisha kifuniko cha mbele, utamwambia mwenye nyumba apunguze vyombo, na baada ya muda doa litarudi palepale.

Mwongozo huu unahusu soketi ya ukutani na plagi yake. Nimechukua mfano wa soketi ya pini tatu bapa ya ampea 13, yenye tundu la erthi juu, lakini namna ya kufikiri ni ileile kwa soketi za aina nyingine. Ukilielewa jambo moja, mengine yote yatakuja yenyewe, kwa hiyo tuanze nalo.

Umeme unaokwenda ndio unaorudi

Kama hita inavuta ampea 10, basi ampea 10 zinapita upande wa laivu na ampea 10 hizohizo zinarudi kwa nyutro. Erthi haibebi kitu katika hali ya kawaida. Kwa hiyo kama kosa lingekuwa ni mzigo mkubwa peke yake, pande zote mbili zingepata joto kwa kiasi kinachokaribiana. Ukikuta upande mmoja umekuwa mweusi na mwingine unang'aa kama mpya, mzigo hauwezi kuwa maelezo kamili. Kuna mahali, upande ule mmoja, ambapo umeme ulipita kwa taabu.

Taabu hiyo ndiyo ukinzani, na joto lake hupatikana kwa hesabu hii, ambapo P ni joto kwa wati, I ni umeme kwa ampea, na R ni ukinzani kwa omu:

```
P = I²R
```

Waya uliobanwa vizuri chini ya skrubu huwa na ukinzani mdogo sana. Tuseme ni omu 0.005. Kwa ampea 10, hapo panazalishwa nusu wati tu, na hakuna atakayehisi chochote. Skrubu ikilegea na shaba ikaota utando mweusi, ukinzani ukifika omu 0.2, ampea 10 zilezile zitazalisha wati 20. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba zote zinatoka mahali padogo kuliko ukucha, ndani ya boksi lililofungwa. Chuma cha umeme cha kuyeyushia risasi anachotumia fundi redio huwa cha wati 25 hadi 40, nacho kinayeyusha risasi bila shida.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini breka inanyamaza. Omu 0.2 kwa ampea 10 inapoteza volti 2 tu. Hita haihisi tofauti. Breka inaona ampea 10, ambazo ni halali kabisa. Kifaa cha kugundua umeme unaovuja nacho hakioni kitu, kwa sababu hakuna kinachovuja kwenda ardhini. Ukisikia mtu anasema "lakini mbona breka haikushuka?", jua kwamba kutoshuka kwa breka ni kidokezo kinachoelekeza kwenye muunganiko uliolegea.

Hatua ya kwanza: zima, thibitisha, piga picha

Kama soketi bado ina joto au inanuka, usianze kwa kuchomoa plagi. Plagi iliyoungua inaweza kuwa imeshikana na soketi, na ukiichomoa huku chombo kinavuta umeme, cheche itaruka hapo hapo mkononi mwako. Zima kwanza breka ya saketi hiyo, au meinswichi kama huna uhakika ni breka ipi, ndipo uchomoe. Acha ipoe.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, thibitisha kwamba umeme haupo kwa testa ya ncha mbili. Ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, halafu ipime soketi kati ya laivu na nyutro, laivu na erthi, nyutro na erthi, kisha rudi uijaribu tena pale pa mwanzo. Bisibisi ndogo yenye taa ndani haitoshi kwa kazi hii. Isipowaka haimaanishi kwamba uko salama. Kama huna uzoefu wa kufungua soketi, au sheria ya ulipo inataka fundi mwenye leseni, ishia kwenye kusoma mbele ya soketi na plagi. Hata hapo utapata mengi ya kumwambia fundi.

Piga picha za mbele ya soketi, pini za plagi, na baadaye nyuma ya soketi kabla ya kugusa nyaya. Usifute wala kukwangua kitu. Uliza pia maswali: kilikuwa kimechomekwa nini, kwa muda gani, je, kulikuwa na sauti ya kukwaruza au kuchemka, na je, harufu ilianza siku hiyo au watu wameizoea? Harufu ya samaki au mkojo ambayo haina chanzo ni jambo la kuulizia kwa makini. Baadhi ya plastiki ngumu za soketi hutoa harufu hiyo zinapopata joto, na watu huhangaika kutafuta panya aliyekufa.

Hatua ya pili: jua kilichoungua ni nini

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanapima ukubwa wa joto kwa kuangalia kama plastiki imeyeyuka. Soketi hutengenezwa kwa plastiki za tabia mbili tofauti. Moja huyeyuka: inalainika, inapinda, inachuruzika, na ikipoa inagandia umbo jipya. Nyingine haiyeyuki hata kidogo. Ikishaumbwa kiwandani imemaliza. Ukiichoma inabadilika rangi kutoka nyeupe kwenda njano, kahawia, kisha nyeusi, inatoa malengelenge, inapasuka na kuwa makaa. Kwa hiyo soketi iliyochuruzika inaweza kuwa ilipata joto dogo kuliko ile yenye doa la kahawia lenye ufa mwembamba katikati. Linganisha plastiki na plastiki ya aina yake tu.

Kisha tofautisha doa na masizi. Pitisha kitambaa kikavu pembeni kidogo, baada ya kupiga picha. Kikitoka cheusi na plastiki chini yake ni safi, hayo ni masizi: kuna mlipuko mfupi wa cheche au shoti uliotokea mara moja, pengine kwenye plagi au waya wa chombo. Mara nyingi utakuta pia matone madogo magumu ya chuma yaliyorukia plastiki, na mwenye nyumba atakumbuka mlio na breka kushuka. Lakini kama rangi ya kahawia imo ndani ya plastiki yenyewe, haifutiki, na inafifia polepole kuelekea pembeni, hilo ni joto la muda mrefu. Limepikwa kwa wiki au miezi, kidogo kidogo kila chombo kilipowashwa.

Jambo la mwisho hapa ni mwelekeo. Plastiki iliyoyeyuka huteremka, ilhali moshi na hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo sehemu ya chini ya tone haikuonyeshi chanzo, wala juu ya alama ya moshi. Tafuta mahali plastiki ilipokuwa nyembamba zaidi au iliyotoboka, na pale alama ya moshi inapoanzia chini kabisa. Chanzo kiko karibu na hapo.

Hatua ya tatu: soma mbele ya soketi pamoja na plagi

Ukiitazama soketi hii kwa mbele, erthi ikiwa juu, laivu iko kulia na nyutro kushoto. Ukiigeuza nyuma, pande zinabadilishana, na hilo limewachanganya mafundi wengi, kwa hiyo amini herufi L na N zilizochapwa nyuma kuliko kumbukumbu yako. Kwa soketi za pini mbili za duara ambazo plagi inaingia vyovyote, usiseme "laivu" au "nyutro" mpaka umeona nyaya. Sema upande wa kushoto au wa kulia.

Sasa angalia doa limezunguka tundu lipi, na muhimu zaidi, kitovu chake kiko wapi. Doa linalolizunguka tundu kama pete, tundu likiwa katikati, linasema joto lilikuwa pale pini inapobanwa. Doa ambalo katikati yake iko pembeni mwa tundu, chini au kuelekea ukingo wa kifuniko, linasema kuna kitu kingine nyuma ya plastiki hapo, na mara nyingi ni skrubu inayobana waya.

Chukua plagi uilinganishe. Tazama pini moja moja kwa urefu wake. Pini iliyopauka na kuwa nyeusi katikati au kuelekea ncha, pale inapokutana na midomo ya shaba ya manjano ndani ya soketi, inazungumzia mshiko hafifu. Ukikuta juu yake vishimo vidogo kama vilivyochomwa na sindano ya moto, hizo ni cheche: mdomo ulikuwa unagusa na kuachia. Midomo hiyo hushikilia pini kwa sababu ina msukumo kama wa springi, na joto likiwa kali msukumo huo unapotea. Ukipotea haurudi. Kuibana kwa koleo kunaifanya ionekane imekaza kwa siku chache tu.

Kama pini ni safi kuelekea ncha lakini plastiki ya plagi imeungua pale pini inapotokea, kosa liko ndani ya plagi yenyewe: skrubu ya waya imelegea, au, upande wa laivu, fyuzi haijabanwa sawasawa na vishikio vyake. Fyuzi ya plagi ya aina hii hukaa upande wa laivu na yenyewe hutoa joto kidogo. Ndiyo maana pini ya laivu kuwa na joto kidogo zaidi ya ya nyutro si ajabu, na doa hafifu la njano upande wa fyuzi halitoshi kuilaumu soketi. Pini ya nyutro iliyoungua haina udhuru huo, na ndiyo maana mimi huichukulia kama ushahidi mzito zaidi.

Ukiweza, chomeka plagi nyingine iliyo nzima (umeme ukiwa bado umezimwa) na uisikilizie mkononi. Inapaswa kuingia kwa kusukuma na kutoka kwa kuvuta. Ikining'inia au ikicheza juu chini, midomo imechoka. Adapta nzito zinazoning'inia kwenye soketi kwa miaka hufanya kazi hiyo ya kuipanua midomo bila kelele.

Hatua ya nne: fungua na usome nyuma

Fungua skrubu mbili za mbele na uivute soketi taratibu, bila kung'oa nyaya. Kabla ya kugusa chochote tazama mpira wa waya, kwa sababu mpira ndio kipimajoto kilichobaki. Mpira wa kawaida wa nyaya za nyumbani umekusudiwa kufanya kazi hadi nyuzi 70 za Selsiasi. Ukizidi hapo unapauka, unakakamaa na kuvunjika ukikunjwa. Ukizidi sana unavimba, unakuwa kahawia, kisha makaa.

Ufuate mpira huo kutoka kwenye skrubu kuelekea ukutani. Kama umeharibika sentimita mbili au tatu za mwanzo na kisha unakuwa laini na wenye rangi yake kamili, joto lilitoka kwenye skrubu na kusafiri ndani ya shaba. Kama umekakamaa kwa kiasi kilekile urefu wote unaouona, kwa laivu na nyutro pamoja, hapo ndipo neno "mzigo" linapata haki yake: waya wenyewe ulikuwa unachemka, ama kwa sababu ni mwembamba kuliko kazi yake, ama breka ni kubwa kuliko waya. Nenda kaangalie vyote viwili. Soketi hapo ni shahidi tu.

Kisha tazama vyuma. Shaba safi ina rangi ya waridi au chungwa. Iliyopata joto inakuwa kahawia iliyokoza, halafu nyeusi yenye magamba. Skrubu ya chuma isiyo na rangi ya kupakwa inaweza kukupa kipimo cha ziada: chuma cha kawaida hupata rangi ya majani makavu karibu na nyuzi 220 na bluu karibu na nyuzi 300. Ukiona ubluu kichwani mwa skrubu ya N na skrubu ya L bado ina rangi yake, huhitaji maelezo mengi zaidi.

Sasa vuta kila waya kwa mkono, mmoja mmoja, kwa nguvu ya wastani. Utakaotoka au kucheza ndio mshukiwa. Lakini hapa kuna mtego. Joto lenyewe hulegeza skrubu: shaba inapanuka na kusinyaa kila chombo kinapowashwa na kuzimwa, mpaka skrubu iliyokuwa imekaza inalegea. Kwa hiyo kuikuta skrubu imelegea hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoanza. Tafuta sababu ya mwanzo iliyobaki na alama: mpira uliobanwa chini ya skrubu badala ya shaba, nyuzi za waya zilizokatwa wakati wa kumenya, au waya ambao haukuwahi kuguswa na skrubu. Angalia pia skrubu ya pili na zile za soketi jirani. Kama zote zinazunguka kwa vidole viwili, aliyefunga hakuzikaza.

Soketi yenye swichi ina sehemu moja zaidi ya kuungua. Ikiwa midomo ni safi, skrubu ni safi, lakini plastiki imekuwa kahawia karibu na kitufe, na kitufe chenyewe ni kizito au kinabonyea bila ule mlio wake, vichwa vya mguso ndani ya swichi vimekwisha. Hiyo hairekebishiki, soketi nzima hutupwa.

Kuna alama mbili nyingine za kutambua haraka. Unyevu huacha michirizi myembamba meusi yenye matawi juu ya plastiki kati ya laivu na nyutro au erthi, mara nyingi pamoja na ukungu wa kijani au mweupe kwenye shaba. Hapo tafuta maji yanatoka wapi. Na kama sura ya nje imeyeyuka huku ndani yote ni safi, joto lilitoka nje: pasi iliyoegemezwa, au hita iliyosogezwa karibu.

Kisa: soketi iliyoungua ikiwa na chaja ya simu tu

Hiki ni kisa kinachowachanganya watu kuliko vyote, ndiyo maana nitakieleza kwa urefu. Soketi ya sebuleni ina doa la kahawia kushoto. Wenye nyumba wanaapa kwamba hapo huchomekwa chaja ya simu tu. Mtu wa kwanza aliyeitwa alisema chaja ni mbovu, ikanunuliwa nyingine. Doa likaendelea kukua.

Anza na hesabu. Chaja ya wati 20 kwenye volti 230 inavuta kama ampea 0.09. Hata ukiuweka ukinzani wa omu 10, ambao ni mkubwa mno, hesabu ya juu inatoa chini ya sehemu moja ya kumi ya wati. Hakuna plastiki itakayobadilika rangi kwa hilo. Kwa hiyo umeme ulioipika soketi hii haukwenda kwenye chaja. Ulikuwa unapita tu.

Mbele, doa liko kushoto, upande wa nyutro, lakini tundu halipo katikati yake. Umbo lake ni la mwezi mchanga, na sehemu iliyokoza iko chini ya tundu kuelekea ukingo. Pini za chaja zinang'aa pande zote mbili. Ukimulika tochi ndani ya tundu, midomo ina rangi yake ya manjano. Mshiko wa pini umeshaondoka kwenye orodha kabla hata ya kushika bisibisi.

Nyuma, kila skrubu inabana nyaya mbili: moja inaleta umeme kutoka kwenye bodi, nyingine inaupeleka kwenye soketi ya jikoni. Laivu mbili ziko sawa, mpira laini, shaba ya waridi. Nyutro zina hadithi. Waya wa kwanza mpira wake umepauka kama sentimita moja tu karibu na skrubu. Wa pili umekakamaa na kuwa kahawia kwa sentimita mbili na nusu, na ukiukunja kidogo mpira unavunjika kama ganda. Baada ya hapo kuelekea ukutani ni laini kabisa. Ukivuta, waya wa kwanza unashika; wa pili unatoka wenyewe.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye ncha za shaba, na huo uutazame kwa karibu, hata kwa kioo cha kukuzia. Waya wa kwanza una shimo dogo lililobonyea, alama ya ncha ya skrubu. Wa pili hauna alama yoyote ya kubanwa. Ni mweusi, una magamba, na upande mmoja una chembe ndogo iliyoyeyuka na kuwa ya mviringo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza skrubu ilibana waya mmoja, na wa pili ukawa umeegemea tu pembeni. Hapa hatuulizi tena kama kulegea kulitangulia joto au la, kwa sababu shaba isiyo na alama ya skrubu haikulegea, haikuwahi kubanwa.

Waya huo unakwenda wapi? Vyombo vyote vikiwa vimechomolewa na umeme umezimwa, tenganisha nyutro mbili na upime mwendelezo kwa mita hadi tundu la nyutro la jikoni. Ule mweusi ndio unaolia. Jikoni kuna birika la umeme la wati 3000, yaani ampea 13 kwa volti 230. Kila lilipowashwa, ampea 13 zilirudi kupitia shaba ile iliyoegemea. Kwa omu 0.2, hizo ni karibu wati 34 za joto nyuma ya soketi ya sebuleni, ilhali jikoni hakuna aliyeona tofauti: volti zilizopotea ni 2.6 tu. Birika huchemka kwa dakika chache, ndiyo maana mtu aliyegusa soketi mchana hakuhisi kitu.

Kulikuwa na hatari nyingine hapo ambayo doa halikuionyesha. Nyutro ile ingeachia kabisa wakati birika limechomekwa na kuwashwa, nyutro ya upande wa jikoni ingepandishwa volti kupitia birika lenyewe. Chombo kingeonekana kimekufa huku waya wa bluu ukiwa na umeme wa kuua. Hii ndiyo sababu ya kupima nyutro na erthi pia, na kutomwamini waya kwa rangi yake.

Kile ambacho alama haziwezi kukuambia

Mita ya kawaida haiwezi kuthibitisha muunganiko ni mzuri. Ukinzani tunaouzungumzia ni mdogo kuliko kosa la nyaya za mita yenyewe, na muunganiko mbovu ukiwa umepoa na hauna mzigo unaweza kusoma sifuri safi. Usimwachie mtu akwambie "nimepima, iko sawa" kwa kipimo hicho peke yake.

Na ikiwa cheche zimekula chuma mpaka mdomo na skrubu vimekuwa donge moja, au moto umeenea kwenye boksi lote, kubali kwamba mwanzo wake umeteketea. Sema ni upande upi, basi. Angalia soketi nyingine za saketi hiyo, kwa sababu mkono uliofunga hii ndio uliofunga zile.

Baada ya kujua

Usikaze skrubu na kuifunga soketi ileile. Shaba yenye magamba haigusani vizuri hata ikibanwa kwa nguvu, na mdomo uliopoteza msukumo haurekebishwi. Weka soketi mpya, na ukate nyaya nyuma mpaka ukutane na shaba ya waridi na mpira laini. Zikiwa fupi, ziunge ndani ya boksi kwa viunganishi vinavyofaa ukubwa wa waya na mzigo, au uvute nyaya mpya. Usizilazimishe kufika kwa kuzinyoosha. Nyaya mbili chini ya skrubu moja ziwe zimemenywa urefu sawa, zimelazwa pamoja, na kila moja ivutwe peke yake baada ya kukaza.

Kama tatizo lilikuwa kwenye mshiko wa pini, badilisha na plagi. Hili watu hulipuuza, halafu wanashangaa soketi mpya inaungua upesi. Pini yenye vishimo na utando mweusi inapeleka ukinzani wake kwenye midomo mipya, na joto linaanza kuipokonya msukumo siku hiyohiyo.

Mwisho, jaribu kwa mzigo halisi. Washa chombo kikubwa zaidi kinachotumia saketi hiyo kwa nusu saa, ukikumbuka kwamba chombo hicho huenda kiko kwenye soketi nyingine kabisa, kama birika la kisa chetu. Birika halidumu nusu saa, kwa hiyo tumia hita. Kisha zima breka, chomoa plagi, na ugusie uso wa soketi na pini kwa haraka. Uvuguvugu unaolingana pande zote si tatizo. Pini moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, na si ile ya upande wa fyuzi, fungua tena.